Tikiti Maji Mezani kwa Mdhamini

Kila muhula huwa nawapa wanafunzi wangu wa usimamizi wa miradi zoezi moja. Nawapa kisa cha kubuni chenye tarakimu zake, kisha nawaambia: leo ni tarehe 31 Machi, wewe ndiye meneja mradi, mwandikie mdhamini wako taarifa ya maendeleo isiyozidi ukurasa mmoja. Weka rangi za taa za barabarani, eleza tofauti kati ya mpango na hali halisi, umalizie na kazi za mwezi ujao. Wengi huliona zoezi jepesi, kwa kuwa tarakimu wamepewa na jedwali wanalijua. Halafu karatasi zinarudi mezani kwangu, na nyingi ni za kijani kuanzia juu hadi chini.

Watu wa miradi wana jina la taarifa ya namna hiyo. Wanaiita tikiti maji: nje kijani, ukiipasua ndani nyekundu. Nataka tulipasue tikiti moja pamoja, kwa kisa kile kile ninachowapa wanafunzi, ili hata msomaji ambaye hajawahi kuongoza mradi aone pale rangi inapodanganya. Taarifa hizi haziishii darasani. Kamati ya ujenzi wa shule, ushirika wa wakulima, msikiti au kanisa linalojenga, wote wana mtu fulani anayetoa fedha au idhini na anayesubiri kuambiwa mambo yamefikia wapi. Huyo ndiye mdhamini. Haji kwenye eneo la kazi kila siku. Anachokijua ni kile ulichomwandikia.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijiji cha watu 2,000, kaskazini mwa Tanzania, kinajengewa mradi wa maji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani, na kilula kimoja kihudumie watu 250. Kwa hesabu hiyo kijiji kinahitaji lita 50,000 kwa siku na vilula vinane. Mradi ni wa miezi sita, kuanzia Januari, na makabidhiano yamepangwa tarehe 30 Juni. Bajeti ni shilingi milioni 120: upimaji na vibali milioni 6, kuchimba kisima na kukipima kwa pampu milioni 30, mnara na matenki milioni 24, pampu na paneli za sola milioni 28, bomba na vilula milioni 26, na mafunzo kwa chombo cha watumia maji milioni 6. Pembeni kuna akiba ya dharura ya shilingi milioni 12. Meneja anaruhusiwa kuitumia, mradi aeleze alichoitumia.

Mpango ulisema kwamba ifikapo mwisho wa Machi upimaji uwe umekwisha, kisima kiwe kimekwisha, na mnara uwe umesimama na matenki yake. Jumla ni kazi ya shilingi milioni 60, yaani nusu ya mradi. Daftari la fedha linaonyesha kwamba zimetumika shilingi milioni 57.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanaponaswa. Wanaweka tarakimu hizo mbili bega kwa bega, 60 na 57, wanaona mradi umetumia pungufu ya mpango kwa milioni 3, wanapaka kijani. Wengine wanathubutu kuandika kwamba mradi "umeokoa" fedha. Hesabu ya kutoa haina kosa. Lakini tarakimu hizo mbili zinasema tu tulipanga kutumia kiasi gani na tumetumia kiasi gani. Hazisemi fedha hizo zimenunua nini.

Inahitajika tarakimu ya tatu: thamani ya kazi iliyofanyika, ikihesabiwa kwa bei ile ile ya mpango. Utaratibu huu una umri mkubwa. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliufanya sharti kwa wakandarasi wake wakubwa mwaka 1967, baada ya kuchoka kupokea taarifa za matumizi zisizoonyesha silaha zimefikia wapi. Kwa kisima chetu hesabu yake ni fupi. Upimaji umekwisha, kwa hiyo thamani yake ni milioni 6. Kisima kimekwisha, milioni 30. Mnara umefika nusu tu, milioni 12. Jumla ni milioni 48.

Sasa picha imegeuka. Tulipanga kazi ya milioni 60, tumefanya ya milioni 48, kwa hiyo tuko nyuma kwa kazi ya milioni 12. Na kazi hiyo ya milioni 48 imetugharimu milioni 57, kwa hiyo tumezidisha matumizi kwa milioni 9. Ile milioni 3 iliyoitwa akiba haipo. Fedha zimeonekana kidogo kwa sababu kazi yenyewe ni kidogo. Ukitaka kuligundua tikiti maji bila kulipasua, anzia hapo: taarifa inayotaja bajeti na matumizi, lakini haitaji popote kazi iliyokwisha, ishuku.

Baada ya tarakimu ndipo zinakuja rangi, na rangi haina maana mpaka mipaka yake iwe imewekwa kabla mradi haujaanza. Katika kisa changu mipaka imeandikwa. Tofauti isiyozidi asilimia 5 ni kijani. Kuanzia hapo hadi asilimia 10 ni njano, maana yake kuna tatizo lakini liko ndani ya mamlaka ya meneja. Kupita asilimia 10 ni nyekundu, na nyekundu inapanda kwa mdhamini. Naomba msomaji aishike maana hiyo, kwa sababu watu wengi wanaiogopa nyekundu wakidhani ni tangazo la aibu. Nyekundu inamwambia mdhamini: jambo hili limenipita kimo, nahitaji uamuzi wako.

Hofu hiyo haiko kwa wanafunzi peke yao. Alan Mulally alipohamia kampuni ya magari ya Ford mwaka 2006 akitokea Boeing, aliwataka wakuu wa idara walete kila wiki chati zenye rangi hizi hizi tatu. Wiki za mwanzo chati zilikuja kijani tupu, katika mwaka ambao kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 12. Aliyevunja ukimya ni Mark Fields, mkuu wa Ford kwa Amerika, aliyeleta nyekundu kwa gari jipya la Edge lililokuwa likiundwa kiwanda cha Oakville nchini Kanada, kwa sababu ya hitilafu ya mlango wa nyuma. Chumba kilinyamaza. Mulally akapiga makofi, kisha wenzake wakaanza kutaja watu na mbinu za kumsaidia Fields. Wiki zilizofuata rangi nyingine zikaanza kujitokeza kwenye chati za wengine.

Turudi kijijini, tupake rangi ya gharama. Tumezidisha milioni 9. Je, mradi utaisha kwa shilingi ngapi? Hapa pana njia mbili, na kila moja inaleta rangi yake. Ya kwanza inachukulia kwamba tulivyokwenda ndivyo tutakavyoendelea: tumelipa 57 kwa kazi ya 48, basi kazi yote ya 120 itatugharimu milioni 142.5. Hiyo ni karibu asilimia 19 juu ya bajeti, nyekundu inayowaka. Ya pili inachukulia kwamba kilichotokea hakitajirudia: milioni 120 ongeza 9, jumla 129. Hiyo ni asilimia 7.5, njano.

Fomula haiwezi kukuchagulia. Kinachochagua ni chanzo cha tofauti, na ndiyo sababu maelezo ya tofauti yana uzito kuliko rangi yenyewe. Upimaji ulikadiria maji ya kutosha kwenye kina cha mita 90. Mkandarasi alipofika mita 85 alipata maji, lakini pampu ilitoa lita 2,000 tu kwa saa. Pampu ya sola ikifanya kazi kama saa sita za jua kali kwa siku, hiyo ni lita 12,000, wakati kijiji kinahitaji 50,000. Meneja akaamua waendelee. Kwenye mita 120 kisima kilitoa lita 9,000 kwa saa, sawa na lita 54,000 kwa siku. Mita 30 za ziada kwa shilingi 300,000 kila moja zikazaa ile milioni 9.

Sasa tunaweza kujibu. Uchimbaji umekwisha na hautarudiwa. Nusu ya mnara iliyojengwa imegharimu milioni 12 kamili, kama ilivyopangwa, kwa hiyo hakuna dalili kwamba bei zinapanda kila mahali. Makadirio ya milioni 129 yana msingi, na rangi ni njano. Lakini meneja mkweli ataongeza sentensi moja ambayo wengi huiacha: akiba ya dharura iliyokuwa milioni 12 sasa imebaki milioni 3, na mbele yetu bado kuna kazi ya milioni 72. Mdhamini akijua hilo leo, hatashtuka Mei.

Linganisha na maelezo ninayoyapata mara kwa mara: "Gharama zimeongezeka kutokana na changamoto za kijiolojia." Sentensi hiyo haina mita, haina shilingi, haina mtu aliyeamua, wala haisemi kama tatizo limekwisha au linaendelea. Neno "changamoto" limekuwa pazia katika taarifa zetu. Nimefika mahali pa kuwakataza wanafunzi wangu kulitumia, na maandishi yao yamekuwa bora tangu hapo, kwa sababu kila anayenyimwa neno hilo analazimika kulitaja jambo lenyewe.

Kwenye muda, pazia ni mvua. Mnara umefika nusu kwa sababu kokoto hazikufika, na kokoto hazikufika kwa sababu barabara iliharibika. Mwanafunzi anaandika: "Ucheleweshaji umesababishwa na mvua za masika." Nami humuuliza: tangu lini masika yakawa habari mpya mwezi Machi? Kisa kinaeleza, kwa atakayekisoma mpaka mwisho, kwamba kokoto zilipangwa kuagizwa tarehe 23 Februari, barabara ikiwa kavu. Ziliagizwa tarehe 9 Machi, kwa sababu hati ya malipo ya awali ilikaa wiki mbili ikisubiri saini ya pili ofisini. Mvua ilikuta kuchelewa kumeshatokea. Tofauti hii ni kubwa, kwani meneja hana la kufanya kuhusu mvua, ila ana la kufanya kuhusu saini. Hata nondo, saruji na malipo ya pampu yatapita ofisi ile ile. Chanzo kikiandikwa "mvua", wiki mbili nyingine zitapotelea kwenye meza ile ile, na hakuna atakayejua kwa nini.

Kuhusu rangi ya muda, nina angalizo moja. Kuwa nyuma kwa kazi ya shilingi milioni 12 kunaweza kumtisha mdhamini, maana ni asilimia 20 ya kazi iliyopangwa hadi leo. Lakini shilingi hazisomi kalenda. Mdhamini anataka kujua maji yatatoka lini. Kwa hiyo fuata mnyororo wa kazi: matenki na mfumo wa pampu vinasubiri mnara, mnara utakwisha tarehe 14 Aprili badala ya 31 Machi, na hakuna nafasi ya kufidia mbele. Makabidhiano yanasogea hadi tarehe 14 Julai. Wiki mbili katika wiki 26 ni chini kidogo ya asilimia 8. Njano, na tarehe mpya iandikwe waziwazi kando ya ile ya zamani.

Nimebakiza mstari wa tatu wa jedwali, ubora wa maji, ambao ndio niliouficha mtego. Sampuli ilichukuliwa baada ya kupima kisima kwa pampu, ikapelekwa maabara tarehe 24 Machi. Majibu yanatarajiwa tarehe 8 Aprili. Karibu kila mwanafunzi anapaka kijani, kwa hoja kwamba hakuna habari mbaya iliyopokelewa.

Kukosa habari hakuwi habari njema. Maji ya chini ya ardhi katika maeneo mengi ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida yana floraidi nyingi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi hupinda mifupa. Haina rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Kisima kinaweza kuwa na maji mengi, maangavu na matamu mdomoni, na bado kisifae. Kuna njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa, ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto karibu na Arusha kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, ila mkaa huo huchoka na kuhitaji kubadilishwa, na gharama yake haimo katika bajeti yetu.

Kisha mwanafunzi makini anafungua mpango kazi na kuona kwamba malipo ya pampu na paneli, shilingi milioni 28, yamepangwa kutoka tarehe 6 Aprili. Yaani siku mbili kabla ya majibu ya maabara. Hapo hakuna asilimia ya kuhesabu, lakini rangi ni nyekundu, kwa sababu fedha nyingi kuliko zote zilizobaki katika mradi zinakaribia kutoka kwa ajili ya kisima ambacho hatujui kama kitanywewa. Kuzuia malipo yaliyokwisha idhinishwa si mamlaka ya meneja. Mdhamini anatakiwa aamue, na aamue kabla ya tarehe 6.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama mnara nao usimamishwe, kwa kuwa umebakiza milioni 12. Ni swali zuri na sina jibu moja. Zege lililoachwa nusu kwenye mvua, nondo zikiwa wazi, nalo lina hasara yake. Na kama maji yatahitaji kuchujwa, mnara bado utatumika. Mimi ningeendelea kuujenga na kumwambia mdhamini kwamba naendelea, na kwa nini.

Rangi ya jumla ya mradi, basi, ni nyekundu. Wapo wanaopiga wastani: njano mbili na nyekundu moja, wanasema njano. Lakini gari halivuki kwa wastani wa taa za njia panda. Mstari wenye hali mbaya kuliko yote ndio unaotangulia. Na usitegemee wino peke yake. Andika neno lenyewe, KIJANI, NJANO au NYEKUNDU, kwa kuwa taarifa hizi hutolewa nakala kwenye mashine za rangi nyeusi, na wapo watu, hasa wanaume, wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani.

Kazi za mwezi ujao ndizo sehemu inayoandikwa kwa haraka kuliko zote, usiku wa mwisho. "Kuongeza juhudi katika ujenzi wa mnara." "Kufuatilia maabara." Ukisoma sentensi kama hizo mwisho wa Aprili huwezi kusema kama zimetekelezwa au la, na hapo ndipo penye kasoro. Kazi ya mwezi ujao inatakiwa ijibu tofauti iliyoelezwa juu yake, iwe na mwenye kuibeba, na iwe na tarehe. Kokoto zimekwama kilomita sita kutoka kijijini, kwa hiyo msimamizi wa ujenzi atakodi trekta lenye tela kuzifikisha kabla ya tarehe 4 Aprili, kwa shilingi 600,000 kutoka akiba ya dharura. Saini ya pili ilichelewesha, kwa hiyo mhasibu atapeleka hati zote za Aprili kwa saini kabla ya tarehe 3, zikiwa pamoja. Na jambo ambalo wachache hulikumbuka: uchimbaji wa mitaro ya bomba umepangwa Aprili kwa nguvu za wananchi, mwezi ambao wananchi wenyewe wako shambani. Mwenyekiti wa kijiji akubaliane nao siku za kazi mapema, la sivyo taarifa ya Mei itakuwa na njano nyingine, nayo itasingiziwa mvua.

Mwanafunzi aliyenifurahisha kuliko wote alianza ukurasa wake kwa maneno haya, kabla ya jedwali lolote: "Mradi uko NYEKUNDU. Naomba idhini yako ifikapo Alhamisi, tarehe 2 Aprili, kusimamisha malipo ya pampu na paneli, shilingi milioni 28, hadi majibu ya maabara yatakapofika tarehe 8. Kusubiri hakutachelewesha makabidhiano, kwa sababu mnara hautakuwa tayari kabla ya tarehe 14. Majibu yakionyesha floraidi zaidi ya miligramu 1.5, nitakuletea njia mbadala na gharama zake tarehe 10." Gharama na muda vilifuata chini yake, kila kimoja kwa mistari minne.

Sentensi ya tatu ndiyo iliyompa alama za juu. Alikuwa amekagua mpango kazi akaona kwamba siku mbili za kusubiri zimo tayari ndani ya kuchelewa kwa mnara, kwa hiyo mdhamini anaombwa uamuzi usiomgharimu hata siku moja. Mdhamini akisoma mistari hiyo minne tu na kufunga karatasi, bado anajua anatakiwa kufanya nini, na kabla ya siku gani.